Barua ya Wazi kwa Wafasiri na Waandishi wa Hati za Kiapo wa Mesquite

Mesquite, kaunti ya Dallas, Texas
Ijumaa, tarehe pili Mei, mwaka elfu mbili na ishirini na tano

Kwenu waheshimiwa wafasiri, wakalimani, na ndugu wote mnaowaandikia Waswahili wa mji huu hati zao za kiapo na maelezo ya ushahidi,

Mimi ni mzee niliyepata kuwa karani wa mahakama katika mwambao wa Tanganyika kabla ya kuwafuata wanangu huku Texas, na kwa kuwa kazi ya karani humwingia mtu mwilini hata asiweze kuivua pamoja na sare yake, majirani huniletea karatasi zao nizisome kabla hawajazipeleka mbele. Katika karatasi hizo nimekuta jambo moja ambalo hunikosesha usingizi, nalo ni tarehe kuandikwa kwa tarakimu tupu zilizotengwa kwa mikwaju, katika hati ambayo mtu ameinua mkono wake wa kulia na kuapa juu yake. Nawaombeni ruhusa nilieleze kwa kirefu, maana ninyi ndio mnaoshika kalamu, na mwapaji aghalabu huweka sahihi yake penye alama mliyomwonyesha.

Nianze na kisa kilichopita mikononi mwangu. Bibi mmoja mtu wa Ujiji, anayekaa upande wa mashariki wa mji wetu, alitakiwa kula kiapo juu ya kuzaliwa kwa mpwa wake, mwana wa dada yake marehemu, kwa sababu kijana yule hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kanuni za uhamiaji za Marekani huruhusu, cheti kikikosekana na ushahidi mwingine ukikosekana, watu wawili au zaidi wasio wadai katika shauri hilo, wenye kulijua tukio kwa nafsi zao, watoe hati za kiapo. Bibi alikuwa na kadi ya kliniki, imechakaa, na juu yake muuguzi wa zamani aliandika 1/2/1991. Ndugu aliyemwandikia hati aliinakili tarehe ile kama ilivyo. Ndugu wa pili, aliyeifasiri kwa Kiingereza, alikumbuka kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi, naye kwa nia njema akaigeuza ikawa 2/1/1991, bila ya kusema popote kwamba ameigeuza. Hati zikazunguka katika nyumba tatu au nne za jamaa zikikusanya sahihi, na siku ziliporudi, katika ile ya Kiswahili palikuwa na vijistari viwili vyembamba, kimoja mbele ya siku na kimoja mbele ya mwezi, na tarehe ikisomeka 11/12/1991. Aliyevitia hakujulikana hata leo. Yamkini mtoto alichezea kalamu, na yamkini mtu mzima alidhani anasaidia.

Tazameni sasa ilivyo. Tarehe ya asili, kwa desturi yetu, ni mosi Februari. Kwa desturi ya hapa, tarakimu zile zile ni pili Januari. Baada ya vijistari viwili, kwa desturi yetu ni kumi na moja Desemba, na kwa desturi ya hapa ni kumi na mbili Novemba. Tarehe nne mbalimbali zimetoka katika wino mmoja, na baina ya mosi Februari na kumi na moja Desemba ni miezi kumi na zaidi. Kwa shauri ambalo ndani yake huulizwa kama mtu alikuwa chini ya umri wa miaka 21 siku fulani au alikwisha kuutimiza, miezi kumi ndiyo tofauti ya mlango kuwa wazi au kufungwa, na afisa anayeona tarehe imeongezewa vijistari hana budi kujiuliza ni nani aliyenufaika. Ofisi iliyopokea hati zile iliandika barua ya kutaka maelezo, na bibi yule, ambaye hajapata kusema uongo mbele ya mtu, akawa anaulizwa kama mghushi.

Zamani mimi na makarani wenzangu tungeweza kumtetea kwa kuitazama karatasi yenyewe. Tarakimu iliyopachikwa baadaye huwa imebanwa, kwa kuwa haikutengewa nafasi; wino wake hauna rangi moja na wa jirani zake; na ukiiweka karatasi kwenye mwanga unaotoka ubavuni, utauona mfuo wa kalamu ukiwa umezama kwa kina kingine. Lakini hati za leo hupigwa picha na kupelekwa kwa mtandao, na katika picha wino wote huwa mweusi mmoja, mfuo wa kalamu hupotea, na tarakimu ya kughushi hukaa sawa na ya haki. Kwa hiyo kinga haiwezi tena kungojwa katika wino, bali itiwe katika maandishi yenyewe tangu mwanzo.

Wazee wetu waliijua hatari hii kwa sababu tarakimu walizozitumia katika khati ya Kiarabu zilikuwa dhaifu kuliko hizi: moja ni mstari uliosimama, ukitiwa pembe moja kichwani ni mbili, ukitiwa ya pili ni tatu, na sufuri ni nukta tu. Hati nyingi za mirathi na za wakfu zilizoandikwa kwa Kiarabu huutaja mwaka kwa maneno kamili, na msomaji wa haraka hudhani ni mapambo ya lugha. Wala si wao peke yao, kwani mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha cha mji wa Florensi kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu katika daftari kwa tarakimu, kikawaamuru waandike kwa herufi. Mpaka leo, katika hundi, sheria ya Texas na sheria za nchi zetu zilizotokana na ile ya Kiingereza ya mwaka 1882 husema jambo moja: maneno na tarakimu yakigombana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Hukumu hiyo ni ya fedha na haikuandikiwa tarehe, na hati ya kiapo haibatiliki kwa kuwa tu tarehe yake ni ya tarakimu. Lakini sababu iliyowafanya wanasheria wayaamini maneno katika fedha ni ile ile katika siku na mwaka.

Sasa nifikie pale ambapo naona ninyi, ndugu zangu, mmekuwa waangalifu mahali pasipo na haja kubwa, mkaghafilika mahali penye haja. Wengi wenu huandika kwa maneno tarehe ya mwisho wa hati, pale panaposemwa kwamba mwapaji ameapa na kutia sahihi mbele ya notari siku ya kadha ya mwezi wa kadha, kwa sababu fomu za huku zimeacha nafasi ya namna hiyo. Hata sheria ya Texas juu ya tamko lisilo la kiapo, ambalo mtu anaweza kulitoa bila ya notari kwa kujiweka chini ya adhabu ya uongo, imetoa mfano wenye nafasi ya siku, nafasi ya jina la mwezi, na nafasi ya mwaka. Ni vyema. Lakini tarehe ile ya mwisho ina shahidi wa pili. Notari wa Texas amelazimishwa na sheria kushika daftari, na ndani yake kuandika siku aliyothibitisha, jina la aliyetia sahihi, na habari ya hati. Mtu akiibadili tarehe ya uthibitisho katika karatasi, daftari litamsuta. Tarehe zilizo ndani ya mwili wa hati, yaani siku mtoto alipozaliwa, siku ndoa ilipofungwa, siku watu walipoukimbia mji, hizo hazimo katika daftari la notari, wala yeye hazisomi kwa kuzithibitisha, maana kazi yake ni kumtambua mtu na kumwapisha. Hazina shahidi ila karatasi yenyewe, na ndizo mnazoziandika kwa tarakimu.

Naomba basi kila tarehe iliyo ndani ya mwili wa hati iandikwe kwa maneno, siku na mwezi na mwaka. Mwezi uandikwe kwa jina lake wala si kwa hesabu, kwa kuwa Februari haiwezi kugeuzwa Desemba kwa kijistari, na kwa kuwa mtu wa pwani mwenye umri akisema mwezi wa nne yawezekana kabisa anakusudia Mfunguo Nne, nao ni Muharamu, wala haujui Aprili. Muulizeni anakusudia upi kabla hamjaandika.

Lakini msidhani kwamba maneno yenyewe hayana nyufa. Hesabu ya Kiswahili hujengwa kwa kuunganisha, na kiungo chake ni herufi mbili tu, "na". Anayeandika "tarehe ishirini" akaacha nafasi tupu hadi mwisho wa mstari amemwachia mwenye hila mahali pa kuandika "na saba", na anayeandika "mwaka elfu moja mia tisa na themanini" kisha akafungua mstari mpya ameuacha mlango wa mwaka wazi. Kadhalika upande wa mbele: neno "mbili" likiwa peke yake mwanzo wa mstari, na mstari uliotangulia ukiwa umekatika baada ya "tarehe", huweza kuwekewa "ishirini na" ukingoni. Dawa yake si ngumu. Maneno ya tarehe yakae pamoja katika mstari mmoja yasikatwe, yafuatwe mara moja na neno jingine la sentensi, na pakiwapo nafasi pavutwe mstari mpaka ukingoni. Siku ya kwanza na ya pili ziandikwe mosi na pili, kama wasemavyo wenye lugha, kwa sababu aliyezoea Kiswahili hasemi ishirini na mosi, na nyongeza yoyote hapo itapiga kelele yenyewe.

Kiingereza nacho kina ufa wake. Neno lao la sita likiongezwa silabi moja mwishoni huwa kumi na sita, na ikiongezwa nyingine huwa sitini, na hivyo hivyo kwa saba, nane na tisa. Wakisema siku ya sita, neno hilo lina mkia wake wa cheo unaolifunga, na haliwezi kurefushwa. Ndiyo sababu mfasiri aandikaye Kiingereza afuate ile desturi ya mahakama ya kusema siku ya sita ya mwezi fulani, wala asiandike neno la sita peke yake akadhani amefanya takhfifu.

Kuna na kufuli moja ambalo watu wamelisahau, nalo ni jina la siku ya wiki. Bibi wa Ujiji nilipoketi naye, sikumuuliza tarehe kwanza, kwa kuwa tarehe alikuwa ameisoma katika kadi kama tulivyoisoma sisi. Nilimuuliza siku ile ilikuwaje. Akasema ilikuwa Ijumaa, mchana, wanaume wako msikitini, na yeye ndiye aliyetumwa kumwita mkunga, na kwamba ulikuwa ni mwezi wa Rajabu katikati, dada yake akiwa amekwisha kusema kwamba atafunga Ramadhani akiwa na mtoto kifuani. Tukafungua kalenda. Mosi Februari 1991 ilikuwa Ijumaa, na ilianguka katikati ya Rajabu mwaka 1411. Pili Januari ilikuwa Jumatano. Kumi na moja Desemba ilikuwa Jumatano vilevile. Kumi na mbili Novemba ilikuwa Jumanne. Katika zile tarehe nne, moja tu ndiyo iliyokuwa Ijumaa. Kumbukumbu ya mwanamke aliyetumwa kumwita mkunga ilimaliza shauri ambalo tarakimu zililitatiza, na lau neno "Ijumaa" lingalikuwamo katika hati ya kwanza, mwenye kutia vijistari angalitakiwa aifute na siku ya wiki, jambo ambalo haliwezi kufanywa kwa ncha ya kalamu.

Lakini tahadharini na usiku. Kwa hesabu ya wazee, siku huanza jua likichwa, na aliyezaliwa saa nne za usiku baada ya mchana wa Jumatano huitwa mzaliwa wa usiku wa Alhamisi. Kwa hesabu ya hapa bado ni Jumatano mpaka saa sita za usiku. Mkalimani asiyeuliza huandika Alhamisi, kisha akatafuta tarehe ya Alhamisi, na hati ikatoka na siku moja mbele, imeandikwa kwa maneno mazuri yasiyoweza kughushiwa na huku yana kosa ndani. Ulizeni kama jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na kama lilikuwa limekuchwa na saa sita za usiku hazijafika, andikeni "usiku wa kuamkia Alhamisi" na mtaje tarehe ya mchana uliotangulia.

Kwenu wafasiri nina neno la peke yenu. Kanuni za shirikisho zinawataka mtie ithibati kwamba tafsiri ni timilifu na sahihi, na kwamba mnaimudu kazi ya kufasiri kutoka lugha ile kuingia Kiingereza. Anayeugeuza mpangilio wa siku na mwezi kimyakimya ameitia sahihi yake chini ya kitu ambacho si tafsiri, kwani afisa akiziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu ataona tarakimu mbili zinazopingana na hana namna ya kujua kwamba ni hisani. Ikiwa asili ina maneno, fasirini maneno. Ikiwa asili ni kadi yenye tarakimu, kama ile ya kliniki, zinakilini kama zilivyo bila ya kugeuza, kisha chini ya tafsiri mtie maelezo kwamba katika nchi ilikotoka kadi siku hutangulia mwezi, na kwamba tarehe hiyo kwa maneno ni mosi Februari. Ikiwa kadi yenyewe haisomeki, semeni haisomeki, wala msikisie.

Najua mtaniambia kwamba fomu za serikali zina visanduku, na visanduku havitaki ila tarakimu, mwezi ukitangulia. Ni kweli, na humo hamna hiari. Jazeni 02/01/1991, na sufuri zisiachwe, kwa kuwa sufuri imekalia mahali ambapo moja ingeweza kupachikwa. Hati ya kiapo yenye maneno ndiyo itakayoitafsiri fomu, na kazi yenu ni kuhakikisha kwamba karatasi hizo mbili zinasema siku moja. Wala maneno hayamzuii mtu kuondoa ukurasa mzima na kutia mwingine. Kwa hilo, mwapaji atie herufi za mwanzo za jina lake chini ya kila ukurasa, kurasa zipewe hesabu ya ngapi kati ya ngapi, na picha ya hati nzima ichukuliwe siku ile ile kabla haijatoka chumbani.

Na kosa likionekana? Likionekana kabla ya kiapo, andikeni ukurasa upya. Karatasi ni rahisi kuliko shaka. Likiwa dogo na hati haina budi kwenda, likatwe kwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani lisomeke, liandikwe la haki juu yake, na mwapaji atie herufi za jina lake pembeni mbele ya notari. Rangi nyeupe ya kufutia isiguswe kabisa. Likionekana baada ya muhuri, msiiguse hati ile hata kwa nukta. Iandikwe hati nyingine, bibi au bwana aape tena, na uthibitisho ubebe siku ya kiapo cha pili, kwa kuwa notari haruhusiwi kurudisha tarehe nyuma hata mkimsihi. Msisahau pia kwamba mji wetu umevuka mpaka, sehemu yake kubwa imo katika kaunti ya Dallas na sehemu imo katika Kaufman. Kaunti inayotajwa katika uthibitisho ni ile mlimokaa wakati wa kuapa, wala si ile anamolala mwapaji.

Bibi wa Ujiji aliapa mara ya pili. Hati niliyomwandikia, na ambayo mfasiri mwingine aliitia katika Kiingereza neno kwa neno, ilisema hivi katika aya yake ya tatu: "Mpwa wangu huyu alizaliwa Ujiji siku ya Ijumaa, mchana, tarehe mosi Februari, mwaka elfu moja mia tisa tisini na moja, nami nilikuwapo." Maneno "nami nilikuwapo" yalifuata mwaka bila ya kuacha nafasi, na baada yake nilivuta mstari hadi ukingoni. Aya ya nne ilieleza hati ya kwanza ilivyokuwa na vijistari vilivyoonekana ndani yake, kwamba havikutiwa na yeye wala kwa ruhusa yake. Nilimsomea yote kwa sauti mara mbili kabla ya kwenda kwa notari, naye mara ya pili alinisimamisha penye neno Ijumaa, akaniambia niongeze kwamba adhana ilikuwa imekwisha kusomwa. Nikaongeza, nikauchapa ukurasa upya.

Ndimi mwenzenu katika kazi hii,
Karani mstaafu, Mesquite